Bei ya Hatifungani Riba Inapohama

Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha kuponi za hatifungani mpya za serikali. Hatifungani ya miaka 20, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikilipa asilimia 15.49 kwa mwaka, ikaanza kutolewa kwa kuponi ya asilimia 12.10. Ile ya miaka 25 ikashuka kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Ukitoa hesabu, zote mbili zilipungua kwa kiwango kilekile: pointi 3.39 za asilimia.

Kwa aliyekuwa bado hajanunua, hiyo ilikuwa habari ya kupunguziwa kipato. Lakini kwa aliyekuwa tayari ameshika zile za zamani, jambo liligeuka. Kuponi yake haiguswi. Mwenye hatifungani ya shilingi milioni 10 ya asilimia 15.49 anaendelea kupokea shilingi 774,500 kila baada ya miezi sita hadi siku ya kuiva, wakati anayenunua mpya ya thamani hiyohiyo anapokea shilingi 605,000. Ni wazi kwamba karatasi ya kwanza ni bora kuliko ya pili, na mtu akitaka kuinunua sokoni atalazimika kuongeza fedha juu ya ile milioni 10. Aongeze kiasi gani? Hapo ndipo wataalamu wa fedha wanapotumia vipimo viwili ambavyo huendeshwa sambamba: muda wastani na mbinuko.

Kwanza ieleweke tofauti ya kuponi na riba ya soko. Kuponi huandikwa siku hatifungani inapotolewa na haibadiliki. Riba ya soko ni faida ambayo wanunuzi wanaitaka leo, na hiyo hupanda na kushuka kila mnada na kila biashara inapofanyika. Bei ya hatifungani ndiyo inayopatanisha viwili hivyo. Wanunuzi wakiridhika na faida ndogo kuliko kuponi, bei hupanda juu ya 100. Wakitaka kubwa kuliko kuponi, hushuka chini ya 100. Kwa hiyo kuponi mpya ya 12.10 si lazima iwe ndiyo riba ya soko ya siku hiyo, kwa sababu kwenye mnada watu hutoa bei zao wenyewe. Ila inafaa sana kwa hesabu: riba ya soko ingehama kutoka 15.49 hadi 12.10, ile hatifungani ya zamani ingefikia bei gani?

Kabla ya kuiendea ya miaka 20, yenye malipo 40, ni heri kuanza na ndogo ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa kalamu. Tuseme ipo hatifungani ya miaka miwili yenye kuponi ya asilimia 10, inayolipwa mara mbili kwa mwaka, na riba ya soko nayo ni asilimia 10. Kwa kila shilingi 100, mwenye karatasi atapokea shilingi 5 baada ya nusu mwaka, 5 baada ya mwaka, 5 baada ya mwaka na nusu, kisha 105 mwishoni.

Fedha ya kesho haina thamani ya fedha ya leo, kwa hiyo kila lipo hugawanywa kwa 1.05 mara nyingi kadiri ya nusu miaka inayosubiriwa. Lipo la kwanza linakuwa shilingi 4.76 kwa thamani ya leo, la pili 4.54, la tatu 4.32, na la mwisho 86.38. Jumla yake ni 100, ambayo ndiyo bei.

Sasa swali linakuwa: kwa wastani, fedha hizi zinasubiriwa kwa muda gani? Jibu si miaka miwili kamili, kwa kuwa sehemu fulani hurudi mapema. Kila lipo hupewa uzito wa thamani yake ya leo: nusu mwaka kwa 4.76, mwaka mmoja kwa 4.54, mwaka na nusu kwa 4.32, na miaka miwili kwa 86.38. Ukizidisha, ukajumlisha, kisha ukagawa kwa 100, unapata miaka 1.86. Huo ndio muda wastani. Ni kama mchukuzi wa mzega anayetafuta mahali pa kuweka bega: madebe madogo yako upande mmoja, debe moja kubwa liko mbali, na bega lazima lisogee kuelekea lile kubwa hadi mti utulie. Aliyeiandika hesabu hii ni mchumi Frederick Macaulay, mzaliwa wa Kanada, katika kitabu alichotoa mwaka 1938 huko Marekani, na hadi leo kipimo hicho hubeba jina lake.

Macaulay alipima muda. Faida kubwa ya namba yake ilionekana pale ilipotambuliwa kwamba ukiigawa kwa 1.05, yaani moja kujumlisha riba ya nusu mwaka, unapata kitu kingine kabisa: kiasi ambacho bei itayumba. Kwa mfano wetu, 1.86 kugawa kwa 1.05 ni 1.77. Maana yake, riba ya soko ikipanda kwa pointi moja ya asilimia, bei itashuka kwa takriban asilimia 1.77, ikishuka kwa pointi moja, bei itapanda kwa kiasi hichohicho. Namba hii huitwa muda uliorekebishwa, na kuanzia hapa ndiyo itakayotumika.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa ile ya miaka 20 yenye kuponi ya 15.49, wakati riba ya soko nayo ni 15.49, muda wastani unatoka miaka 6.60, na uliorekebishwa ni 6.13.

Wengi hushangaa wanapoiona namba hiyo kwa mara ya kwanza. Miaka 20, lakini wastani ni miaka sita na ushei tu! Sababu ni ukubwa wa kuponi. Karatasi inayolipa zaidi ya shilingi 15 kwa kila 100 kila mwaka humrudishia mwenye fedha sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya mwanzo, na shilingi 100 za mwisho, zikipunguzwa kwa riba ya asilimia 15.49 kwa miaka 20, leo zina thamani ya shilingi 5 hivi. Katika nchi zenye riba ndogo mambo ni tofauti: huko lipo la mwisho hubaki zito, na hatifungani ya miaka 20 huwa na muda wastani mrefu zaidi, hivyo bei yake huyumba zaidi riba inapohama kwa pointi moja. Anayechukua namba kutoka kitabu cha Ulaya na kuibandika kwenye hatifungani ya Dodoma atakosea kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwenye pointi 3.39. Kwa muda uliorekebishwa peke yake, bei ingepanda kwa 6.13 mara 3.39, yaani asilimia 20.8. Hatifungani ya 100 ingekuwa 120.8. Lakini mtu akikaa chini akapiga upya thamani ya malipo yote 40 kwa riba ya 12.10, anapata bei halisi ya 125.34. Makadirio yamekosa zaidi ya shilingi nne na nusu kwa kila mia, na kwa karatasi ya milioni 10 hiyo ni zaidi ya shilingi 450,000. Si kosa dogo.

Limetoka wapi? Limetoka kwenye namba yenyewe ya 6.13, ambayo ni sahihi pale tu tulipoanzia. Riba inaposhuka, malipo ya mbali hupata thamani zaidi kuliko ya karibu, uzito husogea mbele, na muda nao hurefuka. Tukiupima tena riba ikiwa 12.10, muda uliorekebishwa wa karatasi ileile si 6.13 tena bali ni 7.23. Riba ingepanda kwa pointi 3.39 badala ya kushuka, ungepungua hadi 5.23. Kwa hiyo ukichora bei dhidi ya riba, hupati mstari ulionyooka. Unapata mstari uliojipinda, mkali upande wa riba ndogo na unaolala taratibu upande wa riba kubwa. Kipimo cha mpindo huo ndicho mbinuko.

Namna ya kuupata haiko mbali na ile ya kwanza. Katika ile hatifungani ya miaka miwili, thamani ya leo ya kila lipo huzidishwa kwa namba ya kipindi chake na namba inayofuata: la kwanza kwa 1 mara 2, la pili kwa 2 mara 3, la tatu kwa 3 mara 4, la nne kwa 4 mara 5. Jumla ni 1,816. Hiyo hugawanywa kwa bei ya 100, kisha kwa 1.05 mara mbili, na mwisho kwa 4, kwa kuwa vipindi ni vya nusu mwaka na tunataka jibu la mwaka. Kinachobaki ni 4.12. Kwa ile ya miaka 20, njia hiyohiyo inatoa 67.0. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na inatokana na kwamba muda umezidishwa kwa muda: malipo ya mbali huongeza mbinuko kwa kasi kuliko yanavyoongeza muda wastani.

Vipimo hivyo viwili huunganishwa hivi, ambapo D ni muda uliorekebishwa, C ni mbinuko, na Δy ni mhamo wa riba:

```
ΔP/P ≈ −D × Δy + ½ × C × (Δy)²
```

Mhamo huandikwa kwa desimali: pointi 3.39 ni 0.0339. Ukiweka 67.0 kwenye sehemu ya pili unapata asilimia 3.85 za kuongeza. Makadirio sasa ni asilimia 24.6, na bei 124.6, dhidi ya ile halisi ya 125.34. Pengo la zaidi ya shilingi nne na nusu limebaki senti 70 hivi.

Upande wa pili nao unafaa kutazamwa, maana huko ndiko kwenye hasara. Riba ingepanda kwa pointi hizohizo 3.39, muda peke yake ungetabiri anguko la asilimia 20.8. Mbinuko unarudisha 3.85, na makadirio yanakuwa anguko la 16.9. Bei halisi ni 82.53, yaani anguko la 17.5. Hapa kuna jambo ambalo mhasibu mwangalifu hulishika. Muda peke yake hutisha kupita kiasi, lakini muda pamoja na mbinuko hutuliza kupita kiasi kidogo. Kwa mhamo mkubwa kama huu, hasara ya kweli huwa kubwa kuliko ile inayotolewa na fomula, na anayepanga akiba ya dharura inampasa aache nafasi.

Mwenye fedha nyingi kidogo mara chache hushika karatasi moja. Tuseme chama cha akiba kina mkoba wa shilingi milioni 100 kwa bei za soko: milioni 60 katika ile ya miaka miwili, na milioni 40 katika ile ya miaka 20. Muda wa mkoba ni wastani wa muda wa karatasi zake, kila moja kwa uzito wa thamani yake ya soko, wala si thamani iliyoandikwa juu ya karatasi. Asilimia 60 ya 1.77 na asilimia 40 ya 6.13 hutoa 3.52. Mbinuko hupatikana vivyo hivyo: asilimia 60 ya 4.12 na asilimia 40 ya 67.0, jumla 29.3.

Riba zote zikipanda kwa pointi 2, sehemu ya kwanza ya fomula inatoa hasara ya asilimia 7.03, na ya pili inarudisha asilimia 0.59. Chama kijiandae kupoteza asilimia 6.45, yaani shilingi milioni 6.45 kwenye vitabu vyake. Ukizipiga bei zote mbili upya, ile ya miaka miwili inashuka hadi 96.53 na ile ya miaka 20 hadi 88.96, na mkoba unapoteza shilingi milioni 6.49. Makadirio yamekosa kwa kama shilingi 48,000 katika milioni 100. Kwa mhamo wa kawaida, kazi ya dakika chache inatosha.

Lakini jumla hiyo inaficha jambo. Katika hasara ya milioni 6.45, karatasi ndefu, ambayo ni milioni 40 tu, inabeba takriban milioni 4.37. Ile fupi, yenye milioni 60, inabeba milioni 2.08. Na fomula imechukulia kwamba riba ya miaka miwili na ya miaka 20 zimepanda kwa hatua moja, jambo ambalo soko halijaahidi. Huenda serikali ikahitaji fedha za muda mrefu na riba ya miaka 20 ikapanda peke yake, au Benki Kuu ikabana fedha na riba za muda mfupi zikaruka huku ndefu zikitulia. Hasara inaweza kuwa milioni 4.37 au milioni 2.08, kwa mkoba uleule wenye muda uleule wa 3.52. Ndiyo maana anayesimamia fedha za watu anapaswa kuiweka kila karatasi kwenye mstari wake na kuipa mhamo wake, kisha ajumlishe mwishoni. Namba moja ya mkoba mzima ni ya kuanzia mazungumzo tu.

Kwenye kompyuta sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na Excel. Tarehe ya kununua ikiwa B1, ya kuiva B2, kuponi B3 na riba ya soko B4, muda uliorekebishwa unapatikana kwa:

```
=MDURATION(B1,B2,B3,B4,2)
```

Ile 2 ya mwisho inasema kuponi hulipwa mara mbili kwa mwaka. Mbinuko hauna fomula yake tayari humo, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Kosa la mara kwa mara ni kusahau kugawa kwa 4. Karatasi yetu ya miaka 20 itasoma 268 badala ya 67, na kwa mhamo wa pointi 2 fomula itaongeza asilimia 5.36 badala ya 1.34. Hasara itaonekana kama asilimia 63 tu ya ukweli, na hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Ipo njia ya kujikagua isiyohitaji hesabu ya vipindi. Piga bei ya karatasi mara mbili, riba ikiwa juu kwa pointi 2 na ikiwa chini kwa pointi 2. Kwa karatasi yetu bei hizo ni 88.96 na 113.74. Zijumlishe, toa 100 mara mbili, na kinachobaki, 2.70, kigawe kwa 100 na kwa 0.02 iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu ni kama 67.5, karibu kabisa na 67.0. Aliyeandika 268 kwenye jedwali lake atajua papo hapo kwamba kuna kitu kimeharibika.

Hatifungani za serikali tulizozitumia hapa zina tabia njema: tarehe zake zinajulikana na hakuna anayeweza kuzilipa mapema. Zipo karatasi ambazo mpindo wake hugeuka na kumwumiza mwenye nazo. Silicon Valley Bank ya California ilishika kwa wingi hatifungani zinazotokana na mikopo ya nyumba. Riba inapokuwa ndogo, wenye nyumba hulipa mapema na kukopa upya kwa bei nafuu. Riba inapopanda, hakuna anayeharakisha, na malipo husogea mbali. Benki hiyo ilikuwa na karatasi za takriban dola bilioni 91 ilizosema itazishika hadi ziive. Muda wake ulikuwa miaka 4.1 mwishoni mwa 2021. Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba mfululizo, na mwishoni mwa mwaka huo muda ukafika 6.2. Yaani mkoba ulizidi kuwa mwepesi wa kuyumba kadiri riba ilivyozidi kupanda, kinyume na karatasi yetu ya miaka 20. Hasara ambayo haikuwa imeingizwa kwenye faida ilifika takriban dola bilioni 15, na mtaji wote wa benki ulikuwa kama bilioni 16. Machi 8, 2023 ilitangaza kwamba imeuza karatasi nyingine za dola bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8; siku iliyofuata wateja walitaka kutoa bilioni 42, na tarehe 10 wasimamizi waliifunga.

Mwenye hatifungani ya Tanzania hana hofu ya muda wake kurefuka kwa namna hiyo, ila naye hapaswi kudhani kwamba unafupika haraka kadiri miaka inavyopita. Riba ikibaki 15.49, karatasi ya miaka 20 yenye muda uliorekebishwa wa 6.13 itakuwa na 5.77 baada ya miaka mitano, na 5.00 baada ya miaka kumi. Nusu ya maisha yake imekwisha, lakini pointi moja ya riba bado inaweza kuisogeza bei yake kwa asilimia tano.